Kiungo cha Pini na Uma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kukagua Pini na Bamba

Maswali haya hutoka kwa mafundi wa kuchomelea, wasimamizi wa ujenzi na wahandisi vijana wanaotengeneza kanopi, mapaa ya maghala na vibaraza vya chuma jijini Dar es Salaam. Majibu yote yanafuata mfano mmoja, ili hesabu za swali moja zisaidie katika swali linalofuata: kanopi ya mbele ya ghala inayoshikiliwa na fimbo za mvuto, kila fimbo ikiwa imefungwa kwenye nguzo ya ghala kwa uma, bamba na pini.

## Mambo ya msingi

Kiungo cha pini na uma ni kipi hasa?

Ni kiungo cha vipande vitatu. Kipande cha kwanza ni uma wenye masikio mawili yaliyo sambamba. Cha pili ni bamba moja linaloingia katikati ya masikio hayo. Cha tatu ni pini inayopita katika matundu yote matatu, ikizuiwa isitoke kwa kota pini, au kwa nati ikiwa pini ni bolti. Katika mfano wetu, uma umechomelewa kwenye ncha ya fimbo ya mvuto, na bamba limechomelewa kwenye nguzo ya ghala. Fimbo inapovuta, masikio huivuta pini upande mmoja, na bamba la katikati huishikilia upande wa pili.

Kwa nini inasemwa kwamba pini hukatwa mara mbili?

Kwa sababu ili pini ivunjike kwa kukatwa, ni lazima ikatike sehemu mbili kwa wakati mmoja, yaani pale sikio la kwanza linapopakana na bamba na pale bamba linapopakana na sikio la pili. Kila sehemu hubeba nusu ya mzigo. Kama kungekuwa na sikio moja tu, pini ingekuwa na sehemu moja ya kukatika na mzigo wote ungepita hapo. Faida hii ya kugawana mzigo ipo tu endapo bamba limekaa katikati na masikio yote mawili yanavuta sawa; jambo hilo limeelezwa zaidi katika swali la bamba lililokaa upande mmoja.

Mkazo wa kuegemea ni nini, na unatofautianaje na mkazo wa kukata?

Mkazo wa kukata uko ndani ya pini. Mkazo wa kuegemea uko pale pini inapogusana na ukuta wa tundu la bamba na kuusukuma. Mgusano halisi ni wa nusu duara na haulingani kila mahali, lakini kwa hesabu tunachukua eneo rahisi zaidi, ambalo ni kipenyo cha pini kuzidishwa kwa unene wa bamba. Hizi ndizo fomyula mbili zinazohitajika, zikiwa katika newtoni na milimita, na jibu likiwa katika megapaskali:

```
mkazo wa kukata     = P / (2 × 3.1416 × d² / 4)
mkazo wa kuegemea   = P / (d × t)
```

`P` ni nguvu ya fimbo, `d` ni kipenyo cha pini, na `t` ni unene wa bamba la katikati. Kwa kila sikio la uma, weka nusu ya `P` na unene wa sikio hilo. Angalia kwamba katika fomyula ya pili unene wa bamba una uzito uleule wa kipenyo cha pini. Watu wengi huchagua pini kwa makini sana, kisha wakachukua bamba lolote lililobaki karakana.

## Kupata mzigo

Kanopi yangu inaleta kilonewtoni 20 kwenye fimbo. Je, hiyo ndiyo nguvu ya kuiweka kwenye fomyula?

Hapana, isipokuwa fimbo iwe imesimama wima kabisa. Kilonewtoni 20 ni mzigo wa kwenda chini, lakini fimbo imelala kwa pembe, kwa hiyo ni lazima ivute zaidi ili sehemu yake ya wima ifikie 20. Katika mfano wetu fimbo ina pembe ya nyuzi 30 kutoka usawa wa kanopi. Saini ya nyuzi 30 ni 0.5, hivyo nguvu ya fimbo ni 20 kugawanywa kwa 0.5, ambayo ni kilonewtoni 40. Hiyo ndiyo `P`.

Pembe ikishuka, nguvu hupanda haraka. Mwenye ghala akiomba fimbo zishushwe ili zisizibe bango lake, na pembe ikawa nyuzi 20, nguvu ya fimbo inafika karibu kilonewtoni 58.5 kwa mzigo uleule wa kanopi. Mabadiliko ya aina hiyo hufanywa mara nyingi juu ya ngazi, wakati uma na pini zimekwishatengenezwa, na ndiyo maana ninasisitiza kwamba pembe ipimwe tena baada ya kufunga.

## Hesabu ya mfano

Nina pini ya milimita 20, bamba la milimita 8 na masikio ya milimita 8. Je, inatosha kwa kilonewtoni 40?

Tuanze na pini. Eneo la mkato wa pini ya milimita 20 ni milimita za mraba 314, na kwa kuwa inakatwa mara mbili, eneo linalobeba ni 628. Newtoni 40,000 kugawanywa kwa 628 ni megapaskali 64. Tuchukue chuma cha kawaida ambacho kikomo chake cha kulegea, yaani mkazo ambao chuma kikiupita hakirudi tena katika umbo lake, ni megapaskali 235. Kwa mzigo wa kazi, mimi hukubali mkazo wa kukata usiozidi sehemu 0.4 ya kikomo hicho, ambayo ni megapaskali 94. Kwa hiyo pini imepita kwa nafasi nzuri.

Hapo ndipo watu wengi huacha, na ndipo tatizo linapoanza. Mkazo wa kuegemea kwenye bamba ni 40,000 kugawanywa kwa 20 mara 8, ambayo ni megapaskali 250. Hii imepita hata kikomo chenyewe cha kulegea cha bamba. Kwenye masikio, kila moja likibeba newtoni 20,000 kwa unene wa milimita 8, mkazo ni 125. Basi uma uko salama na pini haitakatika, lakini tundu la bamba litaanza kurefuka kuelekea upande wa mvuto. Kiungo hiki hakifai.

Mkazo wa kuegemea unaoruhusiwa ni kiasi gani?

Inategemea kama pini inatakiwa kuweza kutolewa na kurudishwa. Kanuni ya Ulaya ya viungo vya chuma, EN 1993-1-8, inataka kwa pini za kubadilishwa kwamba mkazo wa kuegemea chini ya mzigo wa kazi, yaani mzigo usioongezwa vigezo vya usalama, usizidi 0.6 ya kikomo cha kulegea. Kwa chuma cha 235 hiyo ni megapaskali 141. Kwa mzigo ulioongezwa vigezo, kanuni hiyo huruhusu hadi mara 1.5 ya kikomo cha kulegea, ambayo ni takriban 352, kwa sababu chuma kilichobanwa pande zote ndani ya bamba kinaweza kustahimili mkazo mkubwa kabla ya kupasuka.

Tofauti kati ya namba hizo mbili huwachanganya wengi. Ile ya 352 inalinda kiungo kisivunjike; ile ya 141 inalinda tundu libaki duara ili pini itoke kwa mkono siku ya matengenezo. Katika kanopi ambayo fimbo zake zitalegezwa wakati wa kupaka rangi au kubadili mabati, ninashika ile ya 141. Mfano wetu wa kwanza unapita hata ile kubwa: tukiongeza mzigo kwa kigezo cha 1.5, mkazo unakuwa 375.

Jambo jingine ni kwamba kikomo kinachotumika ni kile kidogo kati ya cha pini na cha bamba.

Basi nikinunua pini ngumu zaidi, si tatizo litakwisha?

Halitakwisha. Pini iliyochongwa kutoka bolti ya daraja la 8.8 ina kikomo cha megapaskali 640, na kwa kukatwa itakuwa na nguvu nyingi kupita kiasi, lakini bamba litabaki lilelile la 235, na ukuta wa tundu lake ndio unaobonyea. Zipo njia mbili tu za kweli za kupunguza mkazo wa kuegemea: kuongeza kipenyo cha pini au kuongeza unene wa bamba.

Vipimo gani vinafaa kwa mfano huu?

Tuchukue pini ya milimita 25, bamba la 12, masikio ya 8 kila moja, na nafasi ya milimita 2 kila upande kati ya bamba na sikio. Mkazo wa kukata unashuka hadi 41. Mkazo wa kuegemea kwenye bamba ni 40,000 kugawanywa kwa 25 mara 12, yaani 133, chini ya 141. Kwenye masikio ni 100. Vyote vimepita, na kinachoamua kiungo bado ni bamba, kwa kuwa ndilo lililobaki na nafasi ndogo kuliko vingine.

Tundu liwe mbali kiasi gani na ukingo wa bamba?

Mbali vya kutosha ili pini isiivute ncha ya bamba na kuing'oa. Kanuni niliyoitaja hapo juu inatoa njia rahisi: gawanya mzigo ulioongezwa vigezo kwa mara mbili ya unene kuzidishwa kwa kikomo cha kulegea, kisha ongeza theluthi mbili ya kipenyo cha tundu kwa upande wa ncha, na theluthi moja kwa pembeni. Kwa newtoni 60,000, bamba la 12 na tundu la 26, tunapata milimita 28 kutoka ukingo wa tundu hadi ncha, na takriban 20 kila upande. Bamba la upana wa milimita 70 lenye milimita 30 mbele ya tundu linatosha. Pima kutoka ukingo wa tundu, si kutoka katikati yake.

## Kupinda kwa pini

Kama pini haikatiki, kwa nini zile nilizozitoa zimepinda?

Kwa sababu pini pia ni boriti fupi. Masikio mawili huishika pembeni na bamba huivuta katikati, na kati yao ipo nafasi. Kadiri nafasi hiyo inavyokuwa kubwa, ndivyo mkono wa nguvu unavyorefuka. EN 1993-1-8 inatoa mpindo huo hivi:

```
M = P / 8 × (b + 4c + 2a)
mkazo wa mpindo = M / (3.1416 × d³ / 32)
```

`b` ni unene wa bamba, `a` ni unene wa sikio moja, na `c` ni nafasi kati yao upande mmoja. Nafasi imezidishwa kwa 4, hivyo milimita moja ya uwazi inaumiza mara mbili zaidi ya milimita moja ya unene wa sikio.

Turudi kwenye kiungo cha kwanza, tukidhani nafasi ilikuwa milimita 3 kila upande. Mabano yanatoa 8 na 12 na 16, jumla 36. Mpindo ni newtoni-milimita 180,000, na kwa pini ya 20 mkazo ni megapaskali 229. Kwa mzigo wa kazi, kanuni inaruhusu 0.8 ya kikomo cha kulegea kwa pini ya kubadilishwa, ambayo ni 188. Kwa hiyo pini iliyokuwa na nafasi kubwa katika kukatwa imefeli katika kupinda. Kwa kiungo cha pili, chenye nafasi ya 2, jumla ya mabano ni ileile ya 36 na mpindo ni uleule, lakini pini ya 25 inashusha mkazo hadi 117, kwa kuwa kipenyo kinaingia kwa kipeo cha tatu.

Nimesikia kwamba pini fupi haihitaji kukaguliwa kwa kupinda. Ni kweli?

Ni kweli kwa sharti. Kanuni inaruhusu kiungo kisichohitaji kuzunguka kihesabiwe kama bolti moja ya kawaida, endapo urefu wa pini ni chini ya mara tatu ya kipenyo chake. Viungo vyote viwili vya mfano wetu vingeweza kuingia humo. Hata hivyo, kwa maoni yangu ruhusa hiyo inafaa pale vipande vinapobanana vizuri. Kwenye kanopi inayotikiswa na upepo, pini ikiwa imeingia kwa ulegevu na kuzuiwa kwa kota pini tu, ninafanya hesabu ya mpindo. Inachukua mistari miwili.

Bamba langu limekaa upande mmoja wa uma. Kuna ubaya gani?

Sikio lililo karibu linabeba zaidi ya nusu. Katika kiungo cha pili, chenye nafasi ndogo, bamba likisogea kabisa upande mmoja, sikio la karibu hubeba takriban asilimia 58, na hilo linavumilika. Lakini chukua uma mpana uliokuwa umetengenezwa kwa bamba jingine, wenye uwazi wa milimita 20 kwa jumla kati ya bamba na masikio: bamba hilohilo likiegemea upande mmoja, sikio la karibu hubeba kilonewtoni 30 kati ya 40. Mkazo wa kukata upande huo unapanda kutoka 41 hadi 61, na mkazo wa kuegemea kwenye sikio unafika 150, juu ya ile 141. Jaza uwazi kwa washa nene pande zote mbili, kwa idadi sawa, ili bamba libaki katikati. Washa hazipunguzi mpindo sana, kwa kuwa hazibebi mzigo wa fimbo. Uma unaoendana na bamba ndio dawa yenyewe.

## Karakana na eneo la kazi

Naweza kutumia kipande cha nondo kama pini?

Hapana. Nondo ina mbavu, na mbavu hizo ndizo zinazogusa ukuta wa tundu, kwa hiyo eneo la mgusano si `d × t` tena bali ni mistari michache tu. Mbavu hubonyea, pini hulegea, na kila upepo ukibadilika fimbo hugonga. Tumia chuma cha duara laini kilichochongwa kwenye mashine ya torno, au shina la bolti ambalo halina nyuzi. Ukinunua kipande Gerezani bila cheti chochote cha daraja la chuma, kihesabu kama chuma cha kawaida cha 235, hata kama muuzaji anasema ni cha shafti.

Nyuzi za bolti zikiingia ndani ya kiungo zinaathiri nini?

Zinapunguza eneo la kukatwa. Bolti ya M20 ina milimita za mraba 314 kwenye shina, lakini hutoa takriban 245 tu kwenye nyuzi. Ikiwa sehemu moja ya kukatika imepita kwenye nyuzi na nyingine kwenye shina, hesabu yote kwa 245. Nyuzi pia huegemea vibaya kwenye tundu, kwa sababu zilezile za mbavu za nondo.

Tundu limekatwa kwa gesi. Je, litafaa?

Kwa pini inayobeba mzigo mkubwa, halifai kama lilivyo. Ukuta wake una mikunjo na vilima, na pini hugusa vilima tu. Kata tundu dogo kwa gesi ukipenda, kisha limalizie kwa drili hadi kipenyo kamili, takriban milimita 1 zaidi ya pini. Tundu likiwa pana kuliko hapo, mgusano unapungua na kugonga kunaongezeka.

Bamba limeshachomelewa na ni jembamba. Ni lazima nilikate?

Si lazima. Unaweza kuchomelea mabamba mawili ya nyongeza, moja kila upande, kisha kutoboa tundu lote kwa pamoja. Bamba la 8 likiongezewa 4 kila upande linakuwa 16, na mzigo hugawanyika kwa uwiano wa unene: kila nyongeza hubeba robo, yaani kilonewtoni 10. Mchomeo wake wa kuzunguka ni lazima uweze kubeba hizo 10; ukifeli, mzigo wote unarudi kwenye zile milimita 8. Hakikisha pia kwamba masikio ya uma bado yana nafasi ya kuingia.

## Ukaguzi baada ya kufunga

Nitajuaje kwamba tundu limeanza kufeli?

Toa mzigo kwenye fimbo, chomoa pini, na upime tundu kwa vernia mara mbili: kwa mwelekeo wa mvuto na kwa kukatiza. Tundu lililotobolewa kwa 26 likisoma 26.1 kwa kukatiza na 27.5 kwa mvuto, limerefuka, na hakuna pini mpya itakayolirudisha. Pia tazama uso wa bamba upande pini inapoegemea: chuma kilichobonyea huvimba kidogo pembeni mwa tundu na rangi hupasuka kwa umbo la mwezi mwandamo. Pini inayogoma kutoka, ingawa haina kutu, kwa kawaida imepinda. Izungushe juu ya meza iliyonyooka na utaona.

Ghala liko Kigamboni karibu na bahari. Nibadilishe nini katika hesabu?

Fanya hesabu kwa pini iliyokwisha kuliwa. Maji ya chumvi hukaa kati ya bamba na masikio, mahali ambapo brashi ya rangi haifiki, na kutu hufanya kazi hapo kimya. Pini ya 25 ikipoteza milimita 1 kila upande inabaki 23: mkazo wa kukata unapanda kutoka 41 hadi 48 tu, lakini wa mpindo unatoka 117 hadi karibu 151. Bamba nalo likipoteza milimita 1 kwa unene, mkazo wake wa kuegemea kwa pini ya 23 unafika 158 na kupita kiwango, kwa hiyo pwani ningeanza na bamba la 16. Ukipeleka vipande kupakwa zinki ya moto, toboa tundu kwa nafasi kidogo zaidi, kwa kuwa zinki huongeza unene ndani ya tundu na kwenye pini.

Upepo ukiinua kanopi, kiungo kinabebaje?

Fimbo nyembamba haiwezi kusukuma. Inalegea na kupinda, na kiungo kinabaki bila mzigo hadi upepo utakapotulia na kanopi kurudi chini kwa kishindo. Vishindo hivyo ndivyo vinavyopanua matundu ambayo kwa hesabu ya mzigo uliotulia yalikuwa sawa. Kanopi nyepesi ya mabati iliyo wazi mbele, inayopokea upepo wa kusi au kaskazi kutoka chini, ihesabiwe kwanza kwa kuinuliwa. Ikiwa upepo unashinda uzito wake, badala ya fimbo tumia bomba linaloweza kusukuma na kuvuta, kisha rudia hesabu za pini na bamba kwa nguvu kubwa kati ya hizo mbili, ukikagua pia umbali wa ukingo kwa upande wa pili wa tundu.

Je, hesabu hizi zinafaa kwa pini ya kunyanyulia mizigo, kama ya winchi ya mnyororo?

Fomyula ni zilezile, lakini viwango vinavyoruhusiwa sivyo. Mzigo wa winchi huja na kuondoka mara nyingi, huongezeka ghafla mnyororo unaposhtuka, na huning'inia juu ya watu. Vifaa vya kunyanyulia vina vigezo vyake vikubwa vya usalama na majaribio yake ya mzigo kabla ya kuanza kazi. Uma uliotengenezwa kwa ajili ya kanopi usitundikwe winchi, hata kama mzigo ulioandikwa kwenye winchi ni mdogo kuliko kilonewtoni 40.